Kreatini na upara: vipimo vya homoni za vijana vilionyesha nini hasa?

Msikilizaji wetu mmoja wa Igunga, kijana wa miaka 21, alitupigia simu akiwa na wasiwasi wa aina ambayo vijana wengi huuficha. Kwa miezi miwili alikuwa akitumia kreatini, ile poda nyeupe inayouzwa kwenye makopo kwa watu wanaonyanyua vyuma. Kopo lake lilikuja na basi kutoka Mwanza. Mazoezi anafanya kwenye jimu ya mtaani, ile ya vyuma vya kuchomelea na vyuma vingine vya saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi.

Siku moja kinyozi wake alimwambia, "Kaka, huku mbele nywele zinarudi nyuma." Wenzake wa jimu wakamalizia kazi. Mmoja alimwambia kreatini inapandisha testosteroni. Mwingine akasema si testosteroni, ni DHT, na DHT ndiyo inayoua nywele. Wa tatu akamshauri anunue vidonge vya kuzuia DHT ili aendelee na poda yake bila hofu. Mama yake, aliposikia neno "homoni", aliuliza swali moja tu: je, mwanangu atazaa?

Kijana aliacha kreatini, lakini vidonge alikuwa bado anavitafuta. Swali lake kwetu lilikuwa, "Kuna mtu aliyewahi kupima, au ni maneno tu?"

Kuna waliopima. Na habari yote ya kreatini na upara, inayozunguka kwenye simu za vijana kuanzia Igunga hadi Nairobi na London, imeanzia kwenye kipimo kimoja kilichofanyika hapa hapa Afrika.

Vijana wa raga wa Afrika Kusini

Mwaka 2009 watafiti watatu wa Afrika Kusini, Johann van der Merwe, Naomi Brooks na Kathryn Myburgh, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa vijana 20 wa umri wa chuo waliokuwa wakicheza raga katika taasisi moja ya mchezo huo. Walitaka kujua kama kreatini inabadilisha homoni za kiume.

Jaribio lilipangwa vizuri. Kwa siku saba za kwanza kijana alikunywa gramu 25 za kreatini kwa siku pamoja na gramu 25 za glukosi. Hiyo ndiyo wanamichezo huiita wiki ya kujaza. Kwa siku 14 zilizofuata alishuka hadi gramu 5 za kreatini kwa siku, bado pamoja na glukosi. Katika awamu nyingine kijana huyo huyo alikunywa glukosi peke yake, poda isiyo na kreatini, kwa muda huo huo. Katikati ya awamu hizo walipumzika wiki sita ili mwili urudi katika hali yake. Wakati wa kunywa, vijana hawakujua ni poda ipi, na waliowapa hawakujua pia. Kwa hiyo kila kijana alilinganishwa na yeye mwenyewe, jambo linaloondoa tofauti nyingi za asili kati ya mtu na mtu.

Damu ilipimwa mwanzo, baada ya siku saba na baada ya siku 21. Testosteroni haikubadilika. Tuliseme hilo wazi, maana wengi hulisahau: katika jaribio lile lile linalotumiwa kuwatisha vijana, testosteroni ilibaki palepale.

Kilichopanda ni DHT, kwa jina kamili dihaidrotestosteroni. Baada ya wiki ya kujaza ilikuwa juu kwa asilimia 56 kuliko mwanzo. Baada ya wiki mbili za gramu tano tano, ilikuwa bado juu kwa takriban asilimia 40.

Asilimia 56 ni namba inayotisha. Hapo ndipo hadithi ilipoondoka mikononi mwa wanasayansi ikaingia mitaani.

Kwa nini DHT inahusishwa na nywele

Mwili wa mwanamume hutengeneza testosteroni, kwa sehemu kubwa kwenye korodani. Sehemu ndogo ya testosteroni hiyo hubadilishwa na kimeng'enya fulani kuwa DHT, na kazi hiyo hufanyika kwenye ngozi, kwenye tezi dume na kwenye mizizi ya nywele. DHT ni kali kuliko mama yake. Hushika kwa nguvu zaidi mahali homoni hizo zinapofanyia kazi.

Kwenye kidevu, DHT hukuza ndevu. Kwenye paji na utosi wa mtu aliyerithi mwelekeo wa upara, hufanya kinyume: mzizi wa unywele hunywea polepole, kila unywele unaoota unakuwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi unabaki kama manyoya ya kifaranga. Mambo hayo si ya kubuni. Tangu mwaka 1942 mtafiti Mmarekani James Hamilton alionyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, ila baadhi yao walianza kuupata walipopewa testosteroni. Baadaye, katika miaka ya 1970, zilichunguzwa familia za Jamhuri ya Dominika ambazo baadhi ya wanaume wake huzaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya. Wana testosteroni ya kutosha lakini DHT ni kidogo sana, na upara wa kawaida wa wanaume hauwapati.

Kwa hiyo kijana wa jimu aliyesema DHT ina uhusiano na upara hakukosea. Alikosea aliporuka kutoka hapo hadi kwenye kopo la kreatini, na ili kuuona mruko huo inabidi tuziangalie namba zenyewe badala ya asilimia.

Namba zilizo nyuma ya asilimia

DHT hupimwa kwa nanomoli katika lita moja ya damu. Huhitaji kujua nanomoli ni nini. Ichukue kama kipimo chochote, kama debe la mahindi. Kwa vijana wa kiume wenye afya, kiwango cha kawaida huwa takriban kati ya 1 na 3, ingawa maabara hutofautiana kidogo.

Kabla ya kreatini, wastani wa vijana wale wa raga ulikuwa 0.98. Baada ya siku saba ulifika 1.53, na siku ya 21 ulikuwa takriban 1.38. Ukipanda kutoka 0.98 hadi 1.53 umeongeza 0.55, na 0.55 ni asilimia 56 ya 0.98. Hesabu ni sahihi. Lakini tazama ulipoanzia: chini kabisa ya kiwango cha kawaida. Na tazama ulipofika: bado ndani ya nusu ya chini ya kiwango cha kawaida.

Sasa tazama awamu ya pili, ile ya glukosi tupu. Kabla ya kuanza kunywa chochote, wastani wa DHT ulikuwa 1.26. Kisha ukashuka kidogo, hadi karibu 1.1.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na wengi wanaoisimulia habari hii hupapita bila kusimama. Vijana ni walewale. Mara moja walipimwa kabla ya kreatini wakakutwa na 0.98. Mara nyingine walipimwa kabla ya glukosi wakakutwa na 1.26. Tofauti ya 0.28, na hakuna aliyekuwa ameanza poda ya awamu ile katika vipimo hivyo viwili. Maana yake, DHT ya vijana hawa ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe kwa kiasi kinachofikia nusu ya ule mpando wa 0.55 uliotikisa dunia.

Mkulima wa pamba wa Igunga ataelewa haraka. Chukua mkulima aliyepata kilo 300 kwa ekari mwaka wa ukame, kisha mwaka uliofuata akanunua dawa mpya na akapata kilo 470. Ameongeza zaidi ya nusu. Muuza dawa atasema ni dawa. Lakini ukigundua kwamba mwaka mwingine, bila dawa yoyote, shamba hilo hilo lilitoa kilo 390, utauliza ni kiasi gani cha ongezeko kilitokana na dawa na kiasi gani ni shamba kurudi katika hali yake. Anayeanzia chini ana nafasi kubwa ya kupanda hata usipomfanyia kitu.

Ukilinganisha kilele cha kreatini, 1.53, na kile kianzio cha juu cha 1.26, ongezeko si asilimia 56 tena. Ni asilimia 21. Ukichukua kiwango cha siku ya 21, yaani 1.38, ongezeko ni kama asilimia 10. Sisemi kwamba hesabu hii ndiyo sahihi na ile ya watafiti ni batili. Wao walifuata kanuni za kazi yao, na tofauti kati ya awamu mbili ilijitokeza kweli kwenye takwimu zao. Ninachosema ni kwamba namba inayoweza kusomeka kama 56 au kama 10, kwa kutegemea tu umeanzia wapi, haijakaa imara vya kutosha kumfanya mtu anunue vidonge.

Kuna mambo mengine mawili ambayo jaribio lile halikuyafanya. Hakuna aliyehesabu nywele. Hakuna kichwa kilichopigwa picha, wala aliyepimwa unene wa unywele. Neno "upara" liliongezwa na wasomaji. Pili, walipima DHT iliyo kwenye damu, wakati DHT inayonywesha nywele ni ile inayotengenezwa ndani ya mzizi wa unywele wenyewe. Viwili hivyo vinahusiana, lakini si kitu kimoja.

Wengine walipata nini

Kipimo kimoja huwa cha maana zaidi pale wengine wanapokirudia. Kwa muda mrefu hakuna aliyerudia kile cha DHT. Testosteroni, kwa upande mwingine, ilipimwa mara nyingi.

Mwaka 2021 kundi la watafiti wa lishe ya michezo, likiongozwa na Jose Antonio wa Marekani, lilikusanya tafiti nyingine 12 ambazo watu walipewa kreatini na testosteroni ikapimwa. Dozi zilikuwa kati ya gramu 3 na 25 kwa siku, na muda kati ya siku sita na wiki 12. Katika tafiti 10 testosteroni haikubadilika. Katika mbili ilipanda kidogo, kiasi ambacho hakina maana yoyote kwa mwili. Tafiti tano kati ya hizo zilipima pia testosteroni huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu, ambayo ndiyo malighafi ya DHT. Hakuna hata moja iliyoona imepanda.

Hili la mwisho lina uzito. Kama malighafi haiongezeki, basi ili DHT ipande lazima kimeng'enya kifanye kazi zaidi ya kawaida. Watafiti wa Afrika Kusini walilitaja hilo kama uwezekano, ila kimeng'enya chenyewe hakikupimwa.

Kisha mwaka 2025 ukatoka utafiti uliosubiriwa kwa miaka 16. Watafiti wa Irani, wakishirikiana na wenzao wa Kanada na Marekani akiwemo huyo huyo Antonio, walichukua wanaume 45 wenye umri wa miaka 18 hadi 40 waliozoea kunyanyua vyuma. Nusu walipewa gramu 5 za kreatini kila siku kwa wiki 12, nusu wakapewa gramu 5 za poda ya wanga isiyo na kreatini. Waliofika mwisho walikuwa 38. Walipimwa testosteroni yote, testosteroni huru, DHT, na uwiano wa DHT kwa testosteroni. Safari hii nywele nazo zilipimwa: msongamano wake, idadi ya zinazoota kutoka mzizi mmoja, na unene wake kwa jumla.

Kreatini haikuonyesha tofauti yoyote na poda ya wanga, si kwenye DHT, si kwenye uwiano, si kwenye nywele.

Utafiti huo una jambo moja dogo ambalo mimi nalipenda kuliko matokeo yake makuu. Testosteroni yote ilipanda katika wiki hizo 12, na testosteroni huru ikashuka, katika makundi yote mawili. Waliokunywa wanga tupu nao homoni zao zilisogea. Sasa mfikirie kijana anayepima damu yake mwenyewe, anakunywa kreatini miezi mitatu, anapima tena na kukuta testosteroni imepanda. Ataapa kwamba ni kreatini, kwa sababu hana pacha wake wa kunywa wanga pembeni.

Utafiti huu nao una mipaka yake. Haukuwa na wiki ya kujaza ya gramu 25, kwa hiyo hauwezi kutuambia kwamba kile kilichoonekana kwa vijana wa raga siku ya saba hakikutokea. Wiki 12 ni muda mfupi kwa upara, ambao kwa kawaida huchukua miaka. Na watu 38 ni wachache. Athari ndogo sana inaweza kupenya bila kuonekana. Unachoonyesha ni kwamba mtu anayetumia dozi ya kawaida ya gramu tano, kwa miezi mitatu, hapandi DHT kwa kiasi kinachofanana na kile cha mwaka 2009.

Poda hii ni kitu gani

Kreatini si homoni, na haifanani na homoni hata kwa umbo. Jina lake lilitolewa mwaka 1832 na mkemia Mfaransa Michel Chevreul, aliyeipata kwenye nyama, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Mwili hutengeneza wenyewe kama gramu moja kwa siku, na mtu wa kilo 70 anatembea na akiba ya takriban gramu 120, karibu yote ikiwa kwenye misuli. Kazi yake ni kurudisha haraka nishati iliyotumika katika zile sekunde chache za kwanza za juhudi kubwa: kunyanyua chuma, kukimbia mita 100, kumkumba mtu kwenye raga.

Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 hadi 5 za kreatini. Kwa hiyo kijiko cha gramu tano ni kama kilo moja ya nyama au zaidi kidogo, na ile dozi ya kujaza ya gramu 25 ni kilo tano na ushee kwa siku. Hata kwenye sherehe ya wafugaji wa Wembere, pale ng'ombe anapoangushwa, hakuna anayefika huko.

Katika wiki ya kwanza uzito unaweza kupanda kilo moja au mbili. Hayo ni maji yanayoingia kwenye misuli pamoja na kreatini. Vijana wengi huyaona kama dalili kwamba "homoni zimeingia kazini." Hapana, ni maji.

Swali la mama kuhusu uzazi linajibika hapa pia. Kinachomzuia kijana kuzaa ni steroidi, yaani testosteroni au ndugu zake zinazodungwa au kumezwa. Ubongo ukiona homoni ya kutoka nje ni nyingi, hukata amri ya kuitengeneza, korodani hunywea na mbegu hupungua, wakati mwingine hadi kuisha. Kreatini haipiti njia hiyo.

Ila makopo hayasemi ukweli daima. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004 kwa udhamini wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, maabara ya Cologne nchini Ujerumani ilinunua virutubisho 634 vya michezo katika nchi 13, vyote vikidai havina homoni. Katika 94, karibu asilimia 15, zilikutwa homoni zisizoandikwa kwenye kopo. Kwa hiyo kijana aliyepata chunusi nyingi za ghafla mgongoni, matiti yanayouma au korodani zilizopungua, asiishie kusema "ni kreatini." Aulize kuna nini kingine ndani ya kopo, hasa kama ni mchanganyiko wa poda nyingi unaoahidi misuli kwa wiki mbili. Kreatini tupu, iliyoandikwa kreatini monohidreti na si kitu kingine, ina nafasi ndogo zaidi ya kuficha vitu.

Ukitaka kupima mwenyewe

Msikilizaji wetu aliuliza kama aende Tabora au Mwanza akapime DHT. Kipimo hicho si cha kawaida. Sampuli nyingi zinabidi zisafirishwe, na bei yake inaweza kushinda ya kopo la kreatini. Testosteroni ni rahisi zaidi kupimwa, lakini nayo ina mitego.

Kwa vijana testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mchana. Ukichota damu saa mbili asubuhi mara ya kwanza, kisha saa tisa alasiri mara ya pili, utaona imeshuka hata kama hujagusa kitu. Sukari nayo huishusha kwa muda: katika vipimo vya wanaume waliokunywa glukosi nyingi, testosteroni ilipungua kwa takriban robo ndani ya saa mbili. Ndiyo maana damu huchotwa asubuhi kabla ya chai. Usingizi una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Katika jaribio la mwaka 2011 lililofanyika Chicago, vijana 10 wenye afya walilala saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikapungua kwa asilimia 10 hadi 15. Dereva wa bodaboda anayengoja mabasi ya usiku barabara kuu ya Singida na Nzega tayari yumo kwenye jaribio hilo bila kuandikishwa.

Kwa hiyo kipimo kimoja kabla na kimoja baada ya kreatini hakikuambii chochote kuhusu kreatini. Kama ni lazima, vipimo viwili au vitatu vya asubuhi, siku tofauti, kabla ya kuanza, kisha idadi hiyo hiyo baadaye, na saa ile ile, maabara ile ile.

Kuna kipimo kingine kinachoweza kumchanganya daktari, nacho ni kreatinini ya figo. Kreatini ikichakaa mwilini hugeuka kuwa kreatinini, kwa hiyo anayeitumia anaweza kuonyesha namba ya juu kidogo bila figo kuwa na tatizo. Mwambie anayekupima kwamba unatumia poda hiyo, asije akakuanzishia safari ya hospitali ya rufaa bure. Lakini kama tayari una ugonjwa wa figo, poda hiyo iachwe hadi daktari aseme.

Na zile nywele?

Paji la kijana wetu linaweza kuwa linarudi kweli. Upara wa kurithi huanza kwa baadhi ya wanaume wakiwa na miaka 18 au 20, umri ule ule ambao kijana anagundua jimu. Mambo mawili yanayoanza pamoja huonekana kama moja limezaa jingine. Wazee husema upara hutoka kwa wajomba, na wana ukweli kiasi: jeni moja muhimu iko kwenye kromosomu ambayo mwanamume huipata kwa mama yake. Nyingine nyingi hutoka pande zote mbili, kwa hiyo mwangalie na baba na babu.

Jinsi ya kutofautisha si ngumu. Upara wa kurithi huanzia kwenye pembe za paji au utosini, polepole, na nywele za pale huwa nyembamba kuliko za kisogoni. Nywele zikitoka kichwa kizima kwa wingi ndani ya wiki chache, fikiria homa kali au upungufu mkubwa wa chakula wa miezi miwili mitatu iliyopita. Hizo kwa kawaida huota tena. Zikitoka kwa duara lenye mipaka, hasa lenye magamba na kuwasha, ni mapunye au ugonjwa mwingine wa ngozi, na kinyozi asiyesafisha mashine anahusika zaidi kuliko kopo lolote.

Kuhusu vidonge: dawa inayojulikana kama finasteraidi hushusha DHT ya damu kwa karibu asilimia 70. Linganisha hiyo na mapando tuliyoyahesabu hapo juu. Ni dawa halali ya upara, lakini hutolewa kwa ushauri wa daktari. Kwa wanaume wachache hupunguza hamu au nguvu za tendo la ndoa, na mwanamke mjamzito hapaswi kushika vidonge vyake vilivyovunjika kwa sababu vinaweza kudhuru kiungo cha mtoto wa kiume aliye tumboni. Kumeza dawa ya namna hiyo ili kuzuia mpando uliopimwa mara moja, mwaka 2009, na haukuonekana ulipotafutwa tena, ni kujipa tatizo halisi kwa ajili ya lile la kudhaniwa.

Tulipompigia tena wiki iliyofuata alikuwa amemwuliza mama yake kuhusu wajomba. Wapo watatu, na wawili walianza kunyoa kipara kabla ya miaka 30. Kopo limebaki nusu. Alisema atalimalizia, gramu tano tano, bila kujaza, na kwamba kinyozi amemwambia atampiga picha ya paji kila mwezi kwa simu, mwanga ule ule, ili waone wenyewe.